Barua pepe hairudi, inachelewa kuondoka

Mtu anabonyeza `Send` kwenye Gmail. Chini ya kioo, upande wa kushoto, kinachomoza kibango kidogo cheusi kilichoandikwa `Message sent`, na pembeni yake neno `Undo`. Yeyote anayekisoma ataelewa mambo mawili: barua imeshatumwa, na akitaka anaweza kuirudisha. Kwa wakati huo yote mawili si kweli. Barua ingali kwenye kompyuta za Google, haijapelekwa popote, na kwa sekunde chache zijazo haitapelekwa. Akibonyeza `Undo`, hakuna kinachorudi kutoka mbali. Google inaacha tu kuanza safari ambayo ilikuwa haijaanza.

Jambo hili linaweza kushuhudiwa kwa macho. Mtu mwenye akaunti mbili aweke muda wa kusubiri wa sekunde 30, kisha ajitumie barua kutoka akaunti ya kwanza kwenye kompyuta huku simu iliyofunguliwa akaunti ya pili iko mkononi. Kompyuta itasema papo hapo kwamba barua imetumwa. Simu itakaa kimya. Sekunde ya kumi, kimya. Ya ishirini, kimya. Baada ya thelathini kupita ndipo italia. Huo ukimya wa nusu dakika ndio huduma yenyewe.

Inafaa kuelewa kwa nini walioitengeneza hawakuwa na njia nyingine. Barua pepe duniani inapita kwa utaratibu uitwao SMTP, ambao Jon Postel, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, aliuandika katika waraka wa Agosti 1982 unaojulikana kama RFC 821. Umefanyiwa marekebisho tangu hapo, lakini mazungumzo kati ya seva inayotuma na seva inayopokea bado yana sura ile ile. Yanakwenda hivi, majibu ya mpokeaji yakianza na tarakimu:

```
MAIL FROM:<karani@example.com>
250 OK
RCPT TO:<meneja@example.org>
250 OK
DATA
354 Start mail input; end with <CRLF>.<CRLF>
(maneno ya barua yanapita hapa)
.
250 OK
```

Mtumaji anataja anuani yake, anataja anuani ya mpokeaji, anamimina barua, kisha anamaliza kwa nukta moja iliyosimama peke yake kwenye mstari. Nukta hiyo ndiyo mpaka. Kabla yake, ilimradi amri ya `DATA` haijatolewa, seva inayotuma inaweza kuandika amri ya `RSET` na shughuli nzima ikafutwa kana kwamba haikuwapo. Baada yake, seva ya pili ikishajibu `250`, imekubali dhamana: barua sasa ni mzigo wake, na ni juu yake kuifikisha kwenye kisanduku cha mhusika. Katika amri zote za SMTP hakuna hata moja inayosema "nirudishie ile barua."

Ni sawa na kifurushi kinachopelekwa mkoani kwa basi. Basi likiwa bado stendi, mwenye mzigo anaweza kumwita kondakta, buti likafunguliwa, mzigo ukashushwa. Likishatoka, anuani iliyoandikwa juu ya boksi ndiyo itakayofuatwa, hata kama ni ya mtu mwingine.

Kwa hiyo Michael Leggett, mbunifu aliyekuwa katika kundi la Gmail, alipotangaza `Undo Send` Machi 2009, alichotoa ni kulichelewesha basi stendi kwa sekunde tano. Wakati huo huduma ilikuwa kwenye Gmail Labs, sehemu ya majaribio ambayo mtumiaji alilazimika kuiwasha mwenyewe. Ilikaa huko miaka sita, hadi Juni 2015 ilipohamishiwa kwenye mipangilio ya kawaida. Leo kila anayetumia Gmail kwenye kivinjari anayo, na kama hajagusa kitu muda wake ni ule ule wa sekunde tano.

Sekunde tano ni chache mno. Makosa ya barua hayaonekani kabla ya kubonyeza. Yanaonekana mara tu baada ya kubonyeza, macho yanapopumzika na kurudi kwenye jina la mpokeaji. Hapo akili inahitaji muda wa kuamini ilichokiona, na mkono unahitaji muda wa kufika kwenye kibango. Kuongeza muda si kazi kubwa: mtu anafungua alama ya gia juu kulia, anachagua `See all settings`, na kwenye ukurasa wa `General` anatafuta mstari wa `Undo Send`. Hapo kuna 5, 10, 20 na 30. Anachagua 30. Halafu inakuja hatua inayosahaulika na wengi: ukurasa ule ni mrefu, na kitufe cha `Save Changes` kiko mwisho kabisa chini. Anayeondoka bila kukibonyeza anabaki na sekunde tano zake, na siku ya shida anaamini kabisa kwamba alikuwa na thelathini.

Hiyo ni sababu ya kwanza, na ndiyo nyepesi, ya huduma hii kuonekana haifanyi kitu. Ya pili ni ngumu zaidi kuing'amua, na inafaa kuifuata polepole.

Tumchukue karani wa ofisi ndogo Dodoma. Anuani yake ni ya Gmail. Ameweka sekunde 30, amebonyeza `Save Changes`, amejaribu na ameona inafanya kazi. Lakini kazini hafungui Gmail kwenye kivinjari. Kwenye kompyuta ya ofisi imewekwa Thunderbird, programu ya barua pepe inayokaa ndani ya kompyuta yenyewe, na barua zake zote anazisoma na kuzijibu humo. Ijumaa alasiri anaandaa orodha ya mishahara, anaandika herufi tatu za mwanzo za jina la mhasibu, programu inamkamilishia anuani, anatuma. Papo hapo anaona: aliyekamilishiwa ni muuzaji wa vifaa vya ofisi mwenye jina linaloanza na herufi zile zile.

Anatafuta kibango cheusi. Hakipo. Anafungua kivinjari haraka, anaingia Gmail, anaikuta barua kwenye `Sent`, anaifungua, anatafuta `Undo`. Hapo pia hakuna. Sekunde thelathini hazijaisha, mpangilio uko sahihi, na bado hakuna cha kubonyeza.

Kilichotokea ni hiki. Mpangilio wa `Undo Send` ni wa ukurasa wa Gmail, si wa anuani. Barua ikiandikwa kwenye ukurasa ule, Google inajua kuna sekunde 30 za kungoja. Lakini Thunderbird haipiti kwenye ukurasa. Inakwenda moja kwa moja kwenye seva ya `smtp.gmail.com` na kuzungumza nayo lugha ile ya Postel. Nukta ikishaandikwa na jibu la `250` likirudi, Google inaipokea kama barua iliyokwisha kuagizwa iondoke, na inaiondoa. Nakala inayoonekana kwenye `Sent` ni kumbukumbu tu. Ni hivyo hivyo kwa anayesoma Gmail yake ndani ya Outlook au ndani ya programu ya Mail ya simu ya iPhone. Programu hizo zinaweza kuwa na ucheleweshaji wao wenyewe, lakini ule wa Gmail hazina. Mail ya Apple, kwa mfano, ilipata wake kwenye iOS 16 Septemba 2022, ikiwa na chaguo la sekunde 10, 20 au 30, nao unatafutwa kwenye mipangilio ya simu, si kwenye tovuti ya Google. Karani wetu angetakiwa kujiuliza swali moja tu: ni nani hasa anayeishikilia barua baada ya mimi kubonyeza?

Ndani ya Gmail yenyewe kuna mtego mwingine mdogo. Kibango cheusi ni kimoja, na kinaonyesha tendo la mwisho tu. Mtu anatuma barua, na kwa mazoea ya kusafisha kisanduku anaiweka kando barua nyingine sekunde mbili baadaye. Kibango kinabadilika, na `Undo` iliyopo sasa ni ya hiyo barua iliyowekwa kando. Anabonyeza akidhani anazuia ile aliyoituma, Gmail inamrudishia ile aliyoiondoa, na iliyotumwa inakwenda zake. Dalili ya kujua iko wazi: kutuma kukizuiwa kweli, dirisha la kuandikia linafunguka tena likiwa na maneno yote kama yalivyoachwa. Dirisha lisipofunguka, barua haijazuiwa.

Kuna huduma nyingine inayochanganywa na hii kwa sababu majina yao yanafanana kimaana. Outlook ya kwenye kompyuta ina `Recall This Message`, na hii kweli inajaribu kumfuata mpokeaji baada ya barua kufika. Mtumaji anaifungua barua kutoka `Sent Items`, anakwenda kwenye `File`, kisha `Info`, na kuchagua kuirudisha. Linawezekana kwa sababu sanduku la mtumaji na la mpokeaji yote mawili yako kwenye mfumo mmoja wa Microsoft, ndani ya taasisi moja. Mwenye ghala ni mmoja, hivyo anaweza kuingia rafu ya pili na kutoa alichokiweka. Kwa miaka mingi hata hapo masharti yalikuwa magumu: mpokeaji awe anatumia Outlook, na awe hajaifungua barua. Mwaka 2023 Microsoft iliihamishia kazi hiyo kwenye seva zake za mtandaoni, na tangu hapo kwa ofisi zinazotumia mfumo huo inafanikiwa mara nyingi zaidi, hata barua ikiwa imeshasomwa, na mtumaji anapewa ripoti ya nani imeondolewa kwake na nani haikuondolewa.

Ukuta wa taasisi, hata hivyo, haukuhama. Barua iliyotumwa kutoka ofisini kwenda anuani ya Gmail ya mteja haiwezi kuondolewa, kwa sababu kisanduku kile ni cha Google, na Microsoft haina ufunguo wake. Kwa mfumo wa zamani ilikuwa vibaya zaidi: mpokeaji wa nje aliletewa barua ya pili inayosema kwamba fulani angependa kuirudisha ile ya kwanza. Mtu aliyekuwa na barua arobaini hajazigusa sasa alijua hasa aanze na ipi.

Kuchelewesha kwa makusudi, yaani kupanga barua iondoke baadaye, kuna maswali yale yale ya nani anaishikilia. Gmail ilianza `Schedule send` Aprili 2019. Kimshale kilicho kando ya kitufe cha kutuma kinafungua chaguo hilo, tarehe na saa zinawekwa, na barua inahamia kwenye folda ya `Scheduled`. Kwa kuwa iko kwa Google, kompyuta inaweza kuzimwa, umeme unaweza kukatika, na barua itaondoka kwa wakati wake. Kabla ya hapo mtu anaweza kuifungua, akabonyeza `Cancel send`, nayo ikarudi kuwa rasimu.

Outlook ya kompyuta ikitumika na akaunti za kawaida za mtandaoni hufanya kinyume: barua iliyocheleweshwa inakaa kwenye `Outbox` ndani ya kompyuta ile ile, na programu isipokuwa wazi saa ikifika, haiendi. Mtu anapanga iondoke alfajiri, anafunga kompyuta, na alfajiri inapita. Humo `Outbox` kuna jambo jingine linalowasumbua watu bila kulijua. Barua inayosubiri inaandikwa kwa herufi za mlalo. Mwenye nayo akiifungua ili tu kuhakiki, kisha akaifunga bila kubonyeza tena kitufe cha kutuma, mlalo unatoweka na herufi zinasimama. Tangu hapo barua hiyo haisubiri tena chochote. Inaweza kukaa humo wiki nzima, na mwenyewe akiamini ilikwenda. Anayeona herufi zilizosimama kwenye `Outbox` afungue barua na kuituma upya.

Thunderbird nayo ina chaguo liitwalo `Send Later`, na jina lake limewapoteza wengi. Halina saa. Linaipeleka barua `Outbox` na kuiacha hapo mpaka mtu mwenyewe achague `Send Unsent Messages` kwenye orodha ya `File`. Karani wa Dodoma angelitumia, angepata nafasi ya kuihakiki orodha ya mishahara bila kukimbizwa na sekunde zozote. Lakini anayelichagua akitarajia programu itamtumia baadaye atasubiri bure. Kutuma kwa saa maalum ndani ya Thunderbird kunahitaji programu ndogo ya nyongeza.

Kwa anayeishi kwa saa za Kiswahili kuna kosa moja zaidi, na wenye kutengeneza programu hizi hawawezi kulifikiria kwa niaba yake. Mwisho wa kupokea maombi ni saa nne asubuhi. Mwombaji yuko tayari saa mbili, anapanga barua iondoke saa nne kasoro, na mkono unaandika `3:45`. Programu inauliza AM au PM. `3:45 AM` ni alfajiri iliyokwisha pita, basi anachagua PM. Barua sasa itaondoka saa tisa na robo tatu alasiri, karibu saa sita baada ya mlango kufungwa. Saa nne inafika, anaangalia `Sent`, hakuna kitu, na anahitimisha kwamba huduma ni mbovu. Alichotakiwa kuandika ni `9:45 AM`. Anayepanga barua afungue folda ya `Scheduled` mara baada ya kupanga na kusoma saa iliyoandikwa mle, ataigundua tofauti hiyo ya saa sita ikiwa bado inarekebishika.

WhatsApp huja kwenye mazungumzo haya kila mara, kwa sababu watu wamezoea kufuta humo na wanashangaa kwa nini barua pepe haikubali. Tofauti ni kwamba WhatsApp ni kampuni moja yenye programu yake kwenye simu zote mbili. Anayechagua kufuta kwa kila mtu anatuma ujumbe mwingine, usioonekana, unaoiamuru simu ya pili ifute ule wa kwanza, na programu iliyoko kule inatii. Mwaka 2017 huduma ilipoanza muda ulikuwa dakika saba. Tangu Agosti 2022 ni zaidi kidogo ya siku mbili. Hata hivyo maneno yaliyokwisha kuonekana kwenye taarifa za juu ya kioo yameshasomwa, na picha iliyojihifadhi kwenye maktaba ya simu ya iPhone inaweza kubaki humo baada ya kufutwa kwenye mazungumzo. Na yupo anayebonyeza kufuta kwa upande wake tu: kwake ujumbe umetoweka, kwa mwenzake uko pale pale, ila sasa yeye hauoni tena. Tangu Desemba 2022 WhatsApp humpa huyo sekunde chache za kutendua kosa hilo.

Rudi kwa karani wa Dodoma, ambaye orodha yake imeshafika kwa muuzaji wa vifaa. Kama aliiambatisha kama faili, faili hilo ni la yule mtu sasa, na kilichobaki ni simu: ampigie kabla hajafungua, amweleze kosa, amwombe aifute, kisha amjulishe bosi wake mwenyewe. Barua ya pili ya kuomba radhi haitoshi, kwani itasomwa baada ya ile ya kwanza au pamoja nayo.

Lakini kama badala ya kuambatisha faili aliliacha kwenye Google Drive akampa muuzaji kiungo tu, hali ni tofauti kabisa. Barua haiwezi kuzuiwa, ila kilichomo ndani yake bado kiko mikononi mwa karani. Anafungua faili kwenye Drive, anabonyeza `Share`, anaondoa jina la muuzaji, na kama kiungo kilikuwa wazi kwa kila mtu anakibadilisha kuwa `Restricted`. Kazi hiyo inachukua chini ya dakika moja, na haina kikomo cha sekunde thelathini: kama muuzaji hajafungua hadi Jumatatu asubuhi, atakachokikuta siku hiyo ni ukurasa unaomwambia aombe ruhusa.